Jinsi ya Kuidanganya Kompyuta Bila Kuidanganya Breketi

Kama umekuja kujifunza kuchora breketi kwenye kompyuta, kuibana, kuitwisha mzigo na kumletea mteja picha yenye rangi, basi nikuambie mapema: hapa tunafundishana kudanganya. Hakuna njia nyingine. Ukuta wa kweli una mbao zinazobonyea, boliti zinazolegea na wosha iliyokaa upande, na programu haijui hata kimoja cha hivyo. Wewe ndiye unayeiambia ukuta ni kitu gani, na chochote utakachosema kitakuwa na uongo ndani yake. Kazi yako ni kuchagua uongo mzuri, ujue umedanganya wapi na kwa kiasi gani.

Mfano wetu uko Buhongwa, kando ya barabara kuu inayotoka Mwanza mjini kuelekea Shinyanga. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anataka rafu ya kuweka mifuko ya saruji, na breketi zifungwe kwenye nguzo za mbao. Fundi amekata flati baa yenye upana wa milimita 50 na unene wa milimita 8, akaipasha moto na kuikunja ikawa herufi L. Mkono wa kubeba una milimita 200 kutoka kwenye nguzo. Mguu wa kufungia una milimita 120 na umeshuka chini ya mkono, kama watu wengi wanavyozoea kuuweka. Boliti ni mbili, za milimita 10, ndani ya matundu ya milimita 11: ya juu iko milimita 40 chini ya kona, ya chini iko milimita 95.

Fundi anauliza swali moja tu: "Mtaalamu, hii chuma inakubali mfuko mmoja kwenye ncha?"

Usimjibu bado.

1. Danganya kwa penseli kabla ya kudanganya kwa kompyuta

Najua kompyuta inakuita. Ina vipande vidogo elfu kumi, ina rangi, na mteja akipita nyuma yako anaona mtu wa maana yuko kazini. Ngoja dakika tano. Chukua karatasi, hata ile ya kufungia misumari.

Mfuko wa saruji una kilo 50, na uzito wake ni karibu nyutoni 500. Ukikaa kwenye ncha ya mkono wa milimita 200, unaipinda kona kwa nguvu ya 500 mara 200, yaani nyutoni-milimita 100,000. Ubavu wa flati baa unaokabili kupinda huko ni upana mara unene mara unene, gawanya kwa 6: 50 × 8 × 8 ÷ 6, ambayo ni 533. Gawanya 100,000 kwa 533 na utapata mkazo wa megapaskali 188 hivi. Chuma laini cha daraja la S235 huanza kukunjika bila kurudi kwenye megapaskali 235. Kwa hiyo inakubali, lakini kwa shingo upande.

Kwa penseli hiyohiyo pata na kushuka kwa ncha: milimita 3 na kidogo. Andika namba hizo mbili, 188 na 3, juu ya karatasi kwa herufi kubwa. Kompyuta ikikuletea 19 au 1,900, hutababaika. Utajua kuna sifuri iliyopotea njiani.

2. Usiugandishe mgongo mzima

Sasa fungua programu. Mimi natumia FreeCAD kwa sababu ni ya bure na inaendesha CalculiX kwa ndani. Umechora L yako na unaulizwa: imeshikwa wapi? Kidole kinakimbilia kwenye uso wote wa nyuma ya mguu, unabofya mara moja, unaweka `ConstraintFixed`, na vialama vinatokea mgongo mzima. Inapendeza. Inakubali kukokotoa mara ya kwanza bila kulalamika. Ndiyo njia ya mkato inayotumiwa kuliko zote, na katika breketi hii ndiyo mbaya kuliko zote.

Tazama umesema nini. Umesema kila nukta ya mgongo wa mguu imegandishwa kwenye nguzo, haiendi mbele wala nyuma, hata ikivutwa. Ni kama umeiunganisha kwa gundi isiyoshindwa. Lakini nguzo haivuti chuma. Nguzo inaweza kukisukuma tu, na anayevuta ni boliti. Mfuko ukikaa kwenye ncha, kona ya juu inataka kuachana na nguzo. Boliti ya juu inaizuia, na kisigino cha mguu kule chini kinakandamiza mbao. Fikiria mtu anayening'inia kwenye kidirisha kwa vidole huku ncha za miguu zimekanyaga ukuta.

Sasa fuata nguvu ile ya 100,000. Ulipougandisha mgongo, uliiua palepale kwenye kona, na mguu wote ukabaki bluu, hauna kazi. Kwa kweli nguvu hiyo inapita kona, inageuka, inashuka kwenye mguu ikiwa kamili vilevile, na haianzi kupungua mpaka ifike kwenye boliti ya juu. Yaani zile milimita 40 kati ya kona na boliti zimebeba kila kitu ambacho kona imebeba. Na pale kwenye boliti kuna nini? Kuna tundu. Upana wa 50 umetolewa 11, umebaki 39. Rudia hesabu ya penseli: 39 × 8 × 8 ÷ 6 ni 416, na 100,000 ukigawa kwa 416 unapata 240.

Megapaskali 240. Imeshapita 235. Sehemu dhaifu kuliko zote kwenye breketi hii ni tundu la boliti ya juu, na picha yako nzuri imeipaka bluu.

Na boliti nayo? Ikiwa kisigino kiko milimita 80 chini yake, boliti inavutwa kwa 100,000 gawanya kwa 80, yaani nyutoni 1,250. Mfuko mmoja wa saruji unaivuta boliti kama mifuko miwili na nusu. Kwenye uso uliogandishwa namba hii haitokei popote, kwa sababu hukuweka boliti.

3. Tunga uongo wa aina mbili, mmoja mgumu na mmoja laini

Njia ya heshima ingekuwa kuchora nguzo, boliti, nati, wosha na mgusano wa kila kimoja na mwenzake. Usihangaike. Utakesha, programu itakataa kufika mwisho, na bado hutajua mbao ile inabonyea kiasi gani. Fanya ujanja huu badala yake.

Uongo mgumu: gandisha duara la wosha tu, kipenyo cha milimita 20 kuzunguka tundu la juu, kwa `ConstraintFixed`. Unadai kwamba boliti imekazwa barabara na ukuta ni zege. Sehemu ya mguu iliyo huru ni milimita 30, na ncha itashuka takriban milimita 4.4.

Uongo laini: chora mistari miwili mifupi ya ulalo, kushoto na kulia kwa tundu la juu, isizidi upana wa wosha. Zuia mistari hiyo isitoke ukutani, isishuke wala isiende pembeni, lakini iache breketi izunguke juu yake kama bawaba. Halafu shika ukingo wa chini kabisa wa mguu, kile kisigino, na kwa `ConstraintDisplacement` uzuie mwelekeo mmoja tu: kuingia ukutani. Boliti ya chini iache. Iko karibu na kisigino, na mguu pale unasukumwa ukutani. Boliti haisukumi, kwa hiyo haina la kufanya katika kubeba mzigo huu. Unadai sasa kwamba mbao inabonyea kidogo chini ya wosha na boliti haizuii mzunguko. Ncha itashuka takriban milimita 6.1.

Ukweli unakaa kati ya 4.4 na 6.1. Kwenye zege na boliti iliyokazwa vizuri utaegemea namba ndogo. Kwenye nguzo ya mbao ya duka letu utaegemea kubwa. Na ile milimita 3 ya mgongo uliogandishwa haimo kabisa, iko nje ya uwanja.

Kuna kosa moja la kuchunga hapa. Baada ya kukokotoa, angalia nguvu iliyopo kwenye kisigino inaelekea wapi. Ikiwa ukuta unausukuma mguu, sawa. Ikiwa ukuta unauvuta mguu, futa, kwa sababu ukuta hauna mikono. Umezuia mahali pasipostahili, na kila namba iliyofuata ni takataka.

4. Mzigo: kilo hazibebi, nyutoni ndizo zinazobeba

Hapa watu wazima hudondoka. Kisanduku cha `ConstraintForce` kinataka nyutoni. Mfuko umeandikwa 50. Mkono unaandika 50. Mkazo unatoka 19, breketi inaonekana imara kama mawe ya Bismarck pale ziwani, na kila mtu anafurahi mpaka siku ya kupakia. Ile 188 ya kwenye karatasi ndiyo itakayokuokoa.

Ukizoea utaanza kuandika faili ya `.inp` kwa mkono, na hapo kuna mtego wa pili. Amri ya `*CLOAD` ukiielekeza kwenye kundi la fundo haiugawi mzigo, bali inaipa kila fundo mzigo wote. Fundo 30 kwenye ncha, kila moja nyutoni 500: umetwisha tani moja na nusu. Dawa ni kudai risiti. Ongeza mistari hii miwili:

```
*NODE PRINT, NSET=BOLITI, TOTALS=ONLY
RF
```

`BOLITI` ni jina ulilolipa kundi la fundo ulizozizuia zisishuke. CalculiX itakuandikia kwenye faili ya `.dat` jumla ya nguvu ambazo kundi hilo limezirudisha. Kwa wima lazima upate 500. Ukipata 15,000 au 50, usiangalie rangi hata moja. Rudi ukatafute.

Halafu jiulize mfuko unafikaje pale. Kijana anaushusha kutoka begani, hauweki kwa upole kama yai. Mzigo ukiachiwa ghafla, hata bila kudondoka kutoka juu, hukipinda chuma mara mbili ya mzigo uliotulia. Hii nayo ina njia yake ya mkato, na ni halali kabisa: usikokotoe upya. Maadamu chuma hakijapita kiwango cha kukunjika, kila namba inapanda sawasawa na mzigo. Zidisha kwa 2. Kona inakuwa 375, tundu 480, na zote mbili zimevuka mpaka. Breketi ya fundi imekataa.

5. Kusoma picha bila kupumbazwa na nyekundu

Picha ikishatoka utataka kumwita mtu aione. Ni haki yako, umeifanyia kazi. Lakini kwanza jua kwamba programu hupaka nyekundu palipo na mkazo mkubwa kuliko kwingine, basi. Ning'iniza embe moja kwenye ncha na bado kona itakuwa nyekundu. Kwa hiyo shika ile ngazi ya rangi pembeni na uifunge mwenyewe: juu iwe 235. Sasa nyekundu ina maana, na mteja akiuliza "hapa pana nini?" utakuwa na jibu. Na ile L iliyopinda hadi inatisha, angalia kizidishi cha mwonekano. Kwa kawaida milimita 6 zimekuzwa mara nyingi ili jicho lizione.

Kisha tazama mahali namba kubwa kabisa ilipokaa. Kama ulichora kona ya ndani kali, bila mviringo, namba iliyo pale haina thamani. Punguza ukubwa wa vipande kwa nusu, itapanda kwa zaidi ya theluthi. Punguza tena, itapanda tena vilevile. Ukianza na 230 utaona kama 315, kisha 430, na ukiwa na subira utafika kokote unakotaka. Kona kali ya kwenye mchoro inadai mkazo usio na mwisho, na kompyuta inakupa kiasi kinacholingana na udogo wa vipande vyako. Kuna watu wamekataa breketi nzima kwa sababu ya namba hiyo, na kuna wengine wamekuza vipande ili ishuke. Wote wamesoma kitu ambacho hakipo.

Chora mviringo ulio kwenye chuma chenyewe. Flati baa yetu ilikunjwa kwa moto na mviringo wa ndani una nusukipenyo cha milimita 8 hivi. Ukiuchora, namba itapanda kidogo unapopunguza vipande na kisha itatulia, karibu mara 1.3 ya ile ya penseli, kwa sababu chuma kilichokunjwa hubana mkazo upande wa ndani. Namba iliyotulia ndiyo ya kuamini. Ile mistari miwili mifupi ya kuzuilia na ukingo wa wosha ni ndugu wa kona kali. Palipo na mstari wenyewe usisome, sogea umbali wa unene mmoja wa chuma. Na kwenye tundu hasa, penseli inaishinda skrini: ile 240 tuliyoipata kwa upana uliobaki ndiyo ya kusimamia.

Lakini usidhani vipande vikubwa ni salama kwa kuwa vinatoa namba ndogo. Tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la mafuta la Sleipner A kilizama katika ghuba ya Gandsfjord, karibu na Stavanger nchini Norwe, kikiwa majaribioni. Wachunguzi walikuta kwamba vipande vya hesabu vilikuwa vikubwa na vimekaa vibaya penye kona za kuta, na mkazo wa kukata ulikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Hesabu zilipopigwa upya kwa uangalifu, zilisema ukuta utapasuka kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka kwenye mita 65.

6. Igeuze, halafu leta rula

Sasa tumjibu fundi, na tumpe kitu cha bure. Igeuze breketi. Mguu uende juu ya mkono badala ya chini. Chuma kilekile, matundu yaleyale, boliti zilezile.

Fuata tena nguvu ya 100,000. Safari hii kona yenyewe ndiyo inayokandamizwa kwenye nguzo. Mguu unataka kuachana na nguzo juu ya kona, na boliti iliyo milimita 40 juu inaurudisha. Nguvu ya kupinda ni kamili kwenye kona, lakini inapungua kadiri unavyopanda, na ikifika kwenye tundu haizidi nusu ya ilivyoanza, kwa upande wa kinyume. Mkazo wa tundu umeshuka kutoka 240 hadi 120 kwa uongo mgumu, na chini ya hapo kwa uongo laini. Kushuka kwa ncha kumetoka kwenye 6 hadi kati ya 3.5 na 3.7. Gharama yake ni kwamba boliti hiyo inavutwa zaidi, nyutoni 2,500 hadi 3,750. Kwa boliti ya milimita 10 hiyo si shida, ila kwa mbao ni shida, kwa hiyo upande wa pili wa nguzo weka wosha pana. Na ubao wa rafu utahitaji kuchongwa kidogo ili upishe mguu.

Kona haijasaidiwa na chochote. Ina 188 ileile, na 375 mfuko ukitupwa, na kule kugeuza hakujaigusa. Kwa hiyo chuma lazima kinenepe. Unene wa milimita 12 unaleta 83 kwa mfuko uliotulia na 167 kwa mfuko uliotupwa, na hata ukizidisha kwa 1.3 ya ndani ya kunjo, mradi mviringo nao ukue ulingane na unene, unafika 217. Imekaa chini ya 235. Fundi naye atasema achomelee stei ya mshazari tu, aachane na haya yote. Atakuwa amesema vizuri, kwa sababu stei inageuza kupinda kuwa kuvuta na kusukuma. Ila ukimkubalia, rudi hatua ya 1, maana hiyo ni breketi nyingine.

Kabla ya kununua flati baa mpya, jaribu ile ya milimita 8 iliyopo. Ifunge kwenye nguzo kwa namna ya kwanza, mguu chini. Simamisha rula ya chuma kando ya ncha, soma, kisha wawili wenu mshushe mfuko taratibu, kwa mikono, bila kuuachia. Soma tena.

Tulipofanya hivyo rula ilionyesha milimita 6 kasoro kidogo. Fundi akachungulia nyuma ya kona, akapitisha kadi ya simu kati ya chuma na nguzo, ikaingia mpaka karibu na boliti ya juu. "Kumbe inaachia," akasema. Tukaufungua mguu, tukaugeuza juu, tukaweka wosha pana upande wa pili na kuurudisha mfuko uleule. Rula ikasoma 4, chembe pungufu. Kadi haikuingia kwenye kona.